Mwalimu Ameandika "Guni" Kwenye Shairi la Binti Yangu

Mpendwa mshauri,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba msaada wako kabla hasira haijanifikisha pabaya, maana nimesali, nimefunga, nimeongea na mume wangu ambaye jibu lake ni "niacheni nikamue ng'ombe", na sasa nimebaki na wewe.

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Endagikot, nimesoma mpaka darasa la saba na Mungu hakunipangia zaidi, lakini kwaya ya kigango chetu naiongoza mimi tangu mzee wa awali alipopoteza sauti, na nyimbo nyingi tunazoimba nimezitunga mwenyewe, kwa hiyo mimi si mtu wa kuambiwa sijui kitu kuhusu beti. Binti yangu wa pili, Glory, yuko kidato cha tano, amechukua tahasusi yenye Kiswahili kwa sababu anataka kuwa mwalimu wa fasihi, na mimi nilifurahi sana, nikasema angalau huyu nitaweza kumsaidia, maana yule mkubwa alisoma fizikia na kazi yangu ilikuwa kumpikia chai.

Alikuja nyumbani na kazi ya kutunga ubeti mmoja wenye mishororo minne, kila mshororo uwe na mizani kumi na sita, nane upande wa kwanza na nane upande wa pili, na vina vya kati na vya mwisho. Shairi litakalopendeza lingesomwa kwenye mahafali mbele ya wazazi. Akaniambia, mama, ubeti na mshororo vinanichanganya. Nikampeleka shambani nikamwonyesha, tuta moja ndio mshororo, matuta manne yaliyokaa pamoja ndio ubeti, ukiruka njia ukakuta matuta mengine huo ni ubeti mwingine. Akaelewa palepale. Akaketi jikoni akatunga hivi:

Nimeshika jembe jema, naelekea shambani,
Ninamwomba Mungu Baba, atubariki nyumbani,
Maharage na mtama, vijae tele ghalani,
Bwana usije tunyima, tukabaki na huzuni.

Mshauri, nililisoma nikatokwa na machozi. Lakini mapenzi hayazuii ukweli. Kwanza nilimwambia "Baba" haiwezi kukaa na "jema", akasema zote zinaishia na a, nikamwambia kina si herufi moja ya mwisho, ni silabi nzima, jema inaishia na ma na Baba inaishia na ba. Akanuna, lakini akaandika "Mungu mwema". Halafu nikaanza kupima mizani kama ninavyopima siku zote, naimba huku napiga mkono kwenye goti. Mshororo wa kwanza sawa, wa pili sawa. Wa tatu, "maharage na mtama", nikapata saba. Wa nne, "Bwana usije tunyima", nikapata kumi, kwa sababu Bwana anaimbwa Bwa-a-na-a, kila mtu kuanzia hapa mpaka Nambis anajua Bwana anaimbwa hivyo. Glory akahesabu kwa vidole akasema ni nane kote. Tukahesabu tena. Yeye nane, mimi saba na kumi. Tukabishana mpaka ugali ukaungua. Mwisho akaniambia, tena mbele ya wadogo zake, "Mama, shairi halina kinanda."

Nikamwambia hicho kinanda cha kwaya ndicho kilichokulipia sare. Nikachukua kalamu nikarekebisha mwenyewe. Wa tatu nikaweka "Maharage, pia mtama", wa nne nikaweka "Bwana hutanyima", nikapima kwa kuimba, ikatoka nane na nane, safi kabisa. Nikamwamuru apeleke hivyo, na akapeleka, maana kwetu mtoto hamkatalii mzazi.

Sasa sikia aibu. Mwalimu wake, Nicodemo, kijana anayeimba bezi kwenye kwaya yangu mimi, nimemfundisha mimi mahali pa kuvuta pumzi, amepiga mstari mwekundu chini ya mishororo hiyo miwili akaandika "guni", yaani shairi lililovunjika, na akalisoma mbele ya darasa kama mfano wa kutohesabu. Wenzake wakacheka. Glory hakusema kwamba kazi ile ilikuwa yangu. Alirudi akafungasha nguo, akaenda Bashay kwa shangazi yake Lucia, na tangu hapo shikamoo yangu inakuja kwa ujumbe wa simu. Shangazi anasema mtoto anataka kubadili tahasusi, aachane na fasihi kabisa, eti ushairi una siri ambayo yeye hajapewa, na mkuu wa shule anataka jibu kabla shule haijafungwa.

Nimechoka, mshauri. Namkasirikia mwalimu kwa kumdhalilisha mtoto, namkasirikia mtoto kwa kukimbia, na ninamkasirikia Lucia anayempikia wali kila siku kana kwamba ni mgonjwa. Nifanye nini binti yangu arudi nyumbani na asiache fasihi? Na nimweleze vipi hiyo mizani ili aelewe mara moja?

Mama Glory, Endagikot


Mama Glory,

Milele amina. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nikishika kichwa. Unauliza umweleze vipi binti yako mizani. Dada yangu, anayehitaji kuelezwa mizani katika nyumba hiyo si yeye.

Tuanze na mtama. Litamke neno hilo kama unavyomwambia muuza duka akupimie, si kama unavyoliimba. Midomo inafumba kwenye m, inakaa hapo kidogo, ndipo inakuja ta, kisha ma. Hiyo m imesimama peke yake, haina irabu lakini inatamkwa kama silabi kamili, kwa hiyo ni mizani. M-ta-ma ni tatu. Linganisha na jembe: hapo m haikusimama, imeshikana na b, inatoka je-mbe, mbili tu. Kwenye kwaya yako hiyo m ya mtama mnaimeza, mnaibandika kwenye "na", na hakuna dhambi, sauti inataka kupita. Ila usipokihesabu ulichokimeza, utapata pungufu. Ma-ha-ra-ge-na-m-ta-ma. Nane. Binti yako alikuwa sawa. Ulipoitoa "na" ukaweka "pia" ukampa tisa.

Bwana sasa. Bwa-na. Mbili. Ukimvuta kwenye wimbo hata mpaka Hanang, ni mbili. Zile a mnazoongeza ni za mdundo wa kwaya, hazimo kwenye neno. Mizani ni silabi za neno linavyotamkwa, si muda ambao mwimbaji anakaa juu yake. Bwa-na-u-si-je-tu-nyi-ma. Nane. Sawa tena. Wewe ukakata ukaweka Bwa-na-hu-ta-nyi-ma, ambazo ni sita, na ukamharibia hata maana, maana mtoto aliomba na wewe ukamfanya amwambie Mungu atakachofanya.

Kwa hiyo Nicodemo hakukosea. Tisa na sita pale panapotakiwa nane ni guni, hata kama lingeandikwa na mwenyekiti wa parokia. Lawama yangu kwake ni moja tu: mwalimu anayesoma kosa la mwanafunzi mbele ya darasa bila kumwita pembeni kumuuliza, anafundisha woga zaidi ya ushairi. Hilo unaweza kumwambia, na umwambie kwa adabu, lakini ukimaliza hilo lingine nitakalokutuma.

Sitakunyima haki yako. Kwenye kina ulikuwa sahihi na ulieleza vizuri kuliko vitabu vingine. Jema na Baba haviwi kina kimoja, na binti alikubali kwa sababu ulimpa sababu, hukumwamuru. Ule mfano wa matuta nao ni mzuri, mwachie hivyo hivyo. Ungetulia kwenye mizani kama ulivyotulia kwenye ubeti, ugali usingeungua.

Lakini ngoja nikukumbushe ulichokiandika wewe mwenyewe ukapita haraka. Umesema Glory hakusema kwamba kazi ile ilikuwa yako. Mtoto wa kidato cha tano alisimama mbele ya wenzake wanaocheka, akiwa na jibu sahihi kichwani, akanyamaza asikuaibishe. Ndiyo maana anasema ushairi una siri ambayo hajapewa. Ukihesabu vizuri ukaambiwa na mama umekosea, kisha ukaandika kama mama alivyotaka ukaambiwa na mwalimu umekosea, wewe ungeamini nini? Hajashindwa fasihi. Amepoteza mahali pa kusimama, na wewe ndiye uliyepachukua.

Fanya hivi. Kwanza nenda kwa Nicodemo, si kwenye mazoezi ya kwaya ambako wewe ni mkubwa na yeye ni bezi. Nenda shuleni, ukae kwenye benchi kama wazazi wengine, umwambie ile mishororo miwili ni ya kwako, na umwonyeshe ile ya mtoto. Mwombe awaeleze wanafunzi kwamba Glory alihesabu sawa, kwa sauti ileile aliyosomea kosa. Utaona aibu. Ni sawa, ni aibu yako, ulikuwa umeikopesha kwa mtu asiyehusika.

Ukitoka hapo panda bodaboda uende Bashay. Usimtume baba yake, usimtume katekista, na usianze kugombana na Lucia kuhusu wali, alimpokea mtoto wako ulipomfukuza bila kujua. Usibebe Biblia ukamsomee amri ya kuwaheshimu wazazi, ameshaitimiza kuliko wewe unavyofikiri. Mwambie hivi: "Ulihesabu sawa, na mimi nilikosea." Kisha nyamaza. Najua wewe ni mtu wa maneno, barua yako imenionyesha, na utataka kuongeza "lakini". Limeze kama mnavyoimeza ile m.

Akikujibu, au hata asipokujibu siku hiyo, mwombe akufundishe kuhesabu. Mkae wawili, muongee maneno ya kawaida, mtu, nchi, ng'ombe, mbuzi, mkipiga makofi kwa kila silabi inayotamkwa, bila wimbo. Atakwambia mtu ni mbili, m-tu, na nchi ni mbili, n-chi, lakini mbuzi ni mbili tu vilevile ingawa inaanza na m, kwa sababu pale ni mbu-zi. Ukibisha, mwache akurekebishe. Anayetaka kuwa mwalimu lazima awe na mwanafunzi wa kwanza, na mwanafunzi mgumu kuliko wewe sidhani atampata.

Kuhusu tahasusi, usimshawishi na usimkataze. Mtoto aliyesikia kwa mama yake kwamba alikuwa sahihi, na akasikia hivyohivyo kwa mwalimu wake, ataamua vizuri mwenyewe. Na akiamua kubadili hata baada ya hapo, basi ameamua akiwa anajua kwamba anaweza, na hiyo haitakuwa kazi yako tena.

Shule inakaribia kufungwa. Barua hii ikikufikia asubuhi, mwache baba Glory akamue ng'ombe, wewe vaa viatu.

Mshauri wako