Karibuni Maswali Magumu

Isiolo, Jumatano, Februari 1983

Leo joto limekuwa la kuchosha, na upepo unaopanda kutoka upande wa Ngare Mara umejaza vumbi mpaka kwenye chai. Lakini si joto lililoniharibia siku. Nimekasirika. Nimekasirika hivi kwamba nimerudi nyumbani kutoka chuoni, nimeswali Alasiri, na bado hasira iko palepale.

Niandike tangu mwanzo, maana mama akiniuliza tena nina nini nitamjibu vibaya, naye hana kosa.

Jumatano iliyopita idara yetu ya mifugo ilianzisha semina. Bwana Kirimi, mkuu wa idara, ndiye aliyetoa hotuba ya ufunguzi, nami nilikuwa mwenyekiti. Nikiri kwamba hotuba ilikuwa nzuri. Alisimama mbele ya wanafunzi na sisi walimu, akasema kuuliza si ujinga, na kwamba chuo ambacho watu wake hawaulizani ni bweni tu lenye ubao.

Halafu akaeleza utaratibu. Kila Jumatano baada ya chakula cha mchana, mtu mmoja atazungumza nusu saa. Nusu saa nyingine ni ya maswali, na hiyo haiguswi, hata kama msemaji hajamaliza. Wanafunzi watauliza kwanza, walimu baadaye, kwa sababu mwalimu akishasema, mwanafunzi humeza lake. Vyeo vinabaki mlangoni. Swali linapiga hoja, halipigi mtu. Unajuaje? Ulipimia wapi? Ni jambo gani likitokea litakufanya ubadili mawazo? Hayo ndiyo maswali aliyoyataka. Msemaji asiyejua aseme hajui, halafu aseme atatafuta vipi jibu. Swali lililokosa jibu litaandikwa ubaoni na libaki hapo mpaka Jumatano inayofuata.

Mengi ya hayo tulikuwa tumeyapanga pamoja ofisini kwake, mimi na yeye, kwa wiki nzima. La mwisho aliliongeza mwenyewe palepale. Alisema hakuna mtu atakayeadhibiwa kwa sababu ya swali, na kwamba waanze na yeye.

Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, tena kwa nguvu.

Akatoa mada yake, ambayo ni ileile anayofundisha kila mwaka: ardhi fulani inaweza kulisha ng'ombe wangapi. Alieleza vizuri namna inavyopatikana. Unachagua vipande vidogo vya malisho, unakata nyasi yote iliyomo, unaikausha, unaipima. Unaacha nusu ibaki kulinda udongo. Nusu ya pili unaigawanya kwa kiasi anachokula ng'ombe mmoja kwa mwaka. Ukipata hesabu hiyo, unajua kila ng'ombe anahitaji ekari ngapi. Kisha akahitimisha kwamba wafugaji wa Isiolo wana mifugo kupita kiasi, wapunguze.

Nikafungua maswali. Mkono wa kwanza ulikuwa wa Galgalo, kijana wa mwaka wa pili, mtoto wa wafugaji wa Kinna. Si msemaji. Nadhani sauti yake nilikuwa nimeisikia mara mbili tu tangu aje.

Aliuliza hivi: "Mwalimu, hiyo nyasi ilikuwa ya wapi? Wewe uliona na macho yako ama uliambiwa? Mvua ilikuwa imenyesha lini hapo? Kulikuwa na ng'ombe ama ilikuwa imefungwa na waya? Na nani alikuwa na wewe?"

Aliyauliza moja baada ya jingine, bila kupumzika, akimtazama usoni.

Mimi ni Mborana, nimezaliwa hapa mjini, baba yangu ana duka, lakini hata mimi nilijua papo hapo alichokuwa anafanya. Kwetu mtu akirudi kutoka kuangalia malisho, haachwi anywe chai yake kwa amani. Anaulizwa. Uliona ama uliambiwa? Ya lini? Nyasi gani? Nani alikuwepo? Anaulizwa hivyo kwa sababu watu wanataka kuhamisha ng'ombe kwa neno lake, na neno lisilo na mizizi litaua mifugo njiani. Mtu usiyemwamini humuulizi hata moja. Unamwambia asante, unaenda zako. Galgalo alikuwa anampa Bwana Kirimi heshima ambayo anampa baba yake.

Tena lilikuwa swali hasa. Mvua yetu hainyeshi kwa usawa. Inaweza kunyesha upande wa Rapsu mpaka maji yatembee, na Oldonyiro pakabaki vumbi tupu. Kama nyasi ile ilipimwa kwenye shamba la milimani lenye ua, ambako mvua ina adabu, inatuambia nini sisi ambao ng'ombe wetu wanaifuata mvua iliko?

Bwana Kirimi alibadilika rangi. Akaweka chaki chini. "Nani amekutuma wewe?" akasema. "Mimi niko kortini hapa?"

Nilisema kama mwenyekiti kwamba swali linahusu hoja na ninaomba lijibiwe. Akaniambia semina imefungwa. Niligeuka nikaliandika swali ubaoni, kama alivyoagiza yeye mwenyewe. Asubuhi yake ubao ulikuwa umefutwa, na Galgalo alikuwa ameambiwa aende nyumbani, asirudi bila mzazi.

Bila mzazi! Baba yake amehama na ng'ombe tangu nyasi ya Kinna iishe, na hakuna anayejua wiki hii yuko kisima gani. Kumwambia kijana huyo alete mzazi ni kumfukuza bila kuchafua mikono. Mwaka mmoja tu umebaki apate cheti chake, na katika ukoo wao ndiye wa kwanza kupita darasa la saba.

Mkuki kwa nguruwe.

Jumatatu niliingia ofisini kwa Bwana Kirimi bila kubisha. Niliongea muda mrefu, na si yote yalikuwa ya adabu. Nilimweleza habari ya malisho na namna inavyoulizwa. Alinisikiliza, sitamsingizia. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye alifikiri anahojiwa kama mshukiwa. Uliona? Lini? Nani alikuwa na wewe? Alisema alipokuwa mwanafunzi, rafiki yake aliulizwa maswali hayohayo na watu waliokuja na gari, na akaondoka nao. Akaniuliza kama ninajua nani hukaa katika ukumbi wetu na kusikiliza kwa niaba ya wengine.

Sijui. Hakuna anayejua siku hizi, tangu jaribio la mapinduzi la Agosti. Nilimhurumia kidogo, na huruma hiyo ikanikasirisha zaidi, kwa sababu Galgalo hakuja na gari. Alikuja na swali, tena kwa kualikwa.

Alikubali kijana arudi, bila mzazi, bila kuomba msamaha. Nilimwambia hiyo ni nusu. Alimwaibisha mbele ya watu, basi amjibu mbele ya watu walewale. Akasema ataona, mambo yaishe polepole, na kwamba mimi nina haraka.

Leo ndiyo ilikuwa semina ya pili. Galgalo alikuwepo, ameketi nyuma. Bwana Kirimi alifungua tena kwa maneno matamu yaleyale, karibuni maswali magumu, msiogope. Juma lililopita hakuligusa kabisa, utadhani halikuwepo. Kisha akamkaribisha Mugambi, mwalimu mwenzangu, azungumze kuhusu kuogesha mifugo dhidi ya kupe.

Mugambi ni mwalimu mzuri, ila huandika haraka. Alipofika kwenye kuchanganya dawa na maji, alikosea nukta ubaoni. Kipimo kikawa mara kumi ya kinachotakiwa. Ndama akitumbukizwa humo hatoki mzima.

Niliona kalamu zikisimama. Si moja wala mbili. Wanafunzi wale wamechanganya dawa hiyo kwa mikono yao tangu muhula uliopita, kipimo wanakijua kama majina yao. Walitazama ubao. Wakatazamana. Halafu wakaendelea kuandika.

Mugambi alimaliza. Nikasema wanafunzi kwanza. Nilingoja. Sikutaka kusema mimi, kwa sababu mwalimu akishasema, mwanafunzi humeza lake. Basi nilingoja huku nasikia feni ya dari ikilalamika, na hakuna mkono hata mmoja uliopanda.

Bwana Kirimi, nadhani alitaka kuonyesha kwamba hana kinyongo, akaita nyuma kwa sauti ya upole: "Galgalo, wewe huna swali leo?"

Galgalo akasimama, mikono nyuma. "Hapana, bwana mkuu. Tumeelewa yote."

Bwana mkuu. Cheo kilichoachwa mlangoni kilikuwa kimerudi ndani na kukaa kiti cha mbele.

Ilibidi nisimame mimi nisahihishe kipimo. Mugambi alishtuka, akajipiga kofi kwenye paji la uso, akanishukuru mbele ya wote, akafuta na kuandika upya. Hivyo tu. Haikumpunguzia mtu yeyote heshima. Bwana Kirimi akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akasema semina imefana.

Nilimfuata Galgalo nje, nikamkuta chini ya kivuli cha tangi la maji. Nilimuuliza kwa Kiborana kama kweli hakuona.

"Niliona," akasema. "Sisi wote tuliona."

Nikamuuliza sasa mbona hawakusema. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyeuliza kitu ambacho kila mtu anakijua, na hakuwa na hasira hata kidogo. Afadhali angekuwa nayo. Akasema mama yake ameuza mbuzi wa maziwa ya watoto ili yeye asome, na maswali hayatoi cheti. Kisha akaniaga vizuri, kwa heshima yote, akaenda bwenini.

Mwaka kesho vijana hawa watatumwa kwenye majosho ya serikali. Mtu atawapa kipimo kibaya, mtu mwenye cheo, na watakiona. Watasema wameelewa yote. Ng'ombe watakufa mbele yao na wao wamesimama mikono nyuma. Hilo tumewafundisha sisi kwa wiki moja tu. Mambo mengine yote huwachukua muhula mzima.

Mama ameniletea chakula na kuniambia niwaachie wanaume ugomvi wao. Nimekula. Sijamwachia mtu kitu.

Bwana Kirimi hufika ofisini mapema kabla ya wengine. Kesho nitakuwa mlangoni kwake nikimngoja. Nitamwambia Jumatano ijayo asimame mahali alipokuwa amesimama, mbele ya watu walewale, aseme nyasi ile ilikuwa ya wapi na kama aliiona. Kama hakuiona, aseme hakuiona. Ni neno moja.

Asipokubali, kiti cha mwenyekiti akikalie yeye. Mimi nitakwenda kukaa nyuma kwa wanafunzi, na mkono wa kwanza utakaopanda utakuwa wangu.