Mama, Teremsha Kamba

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Dakika nne tu za simu ya video leo. Nilimuuliza Mutheu kama amekula. Akamgeukia babake — anasema nini? Na Musau akamtafsiria! Mimi niliyembeba mgongoni nikiuza mapazia ya mitumba Gikomba, leo natafsiriwa kwa mtoto wangu wa miaka sita.

Miaka miwili. Musau alisema anatangulia naye Ujerumani aanze shule, mimi nifuate nikipata cheti cha Kijerumani, kile cha kwanza, A1. Nilifanya mtihani Juni. Nikafeli sehemu ya kusikiliza.

Nikaomba Jumapili ijayo nimlaze mimi, kwa hadithi. Sawa, akasema, lakini kwa Kijerumani, mtoto asichanganyikiwe. Kuna huyo Eve anayeishi nao, ati amekodi chumba na anamsaidia na mtoto. Mtu wa Nakuru! Hata yeye haongei Kiswahili humo ndani. Mxiu.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeandika sokoni, juu ya magunia. Sungura na Fisi, ile ya kiangazi. Sungura anamficha mamake juu ya mti, akileta chakula anaita, mama anateremsha kamba. Fisi anajua siri, anaita kwa sauti nzito, mama anakataa. Anarudi na sauti nyembamba, anavutwa — katikati Sungura anapiga kelele, kamba inakatwa, Fisi puu! Ndiyo maana miguu yake ya nyuma ni mifupi.

Kurasa tatu. Kamusi imenitoa jasho.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mwalimu Masinde, anayenifunza Kijerumani, ameikatakata. "Mama Mutheu, mtoto anataka kulala, hataki hotuba." Sentensi moja, jambo moja. Kila kitu wakati uliopo, niachane na uliopita, utanikwaza. Kile kiangazi changu cha mistari sita kimebaki hivi: *Es gibt keinen Regen. Alle Tiere haben Hunger.* Hakuna mvua. Wanyama wote wana njaa. Basi! Na nikianza na neno kama "sasa", kitendo kifuate hapo hapo, ndipo mtendaji: *Jetzt kommt die Hyäne.* Sasa anakuja Fisi.

Nikauliza, na "hadithi hadithi" je? Akasema Wajerumani wana *Es war einmal*, hapo zamani, na hiyo haijibiwi. Mtoto ananyamaza tu anasikiliza. Hadithi gani hiyo ya kusikilizwa kama taarifa ya habari? Kwetu mtoto huitikia! Nikakataa katakata. Mutheu ndiye atakuwa Sungura, yeye ndiye ataita:

*Mama, Mama, lass das Seil runter!*

Mama, mama, teremsha kamba. Mwanzoni niliandika *herunter*, mwalimu akasema hiyo ni ya vitabuni, watoto husema *runter*. Wimbo nimeutunga mwenyewe, ule mwendo wa nyimbo zetu za kuruka kamba.

Jumamosi, 11 Oktoba

Jana nilimtumia Musau wimbo kwa simu, amfundishe. Leo umerudi — sauti ya Mutheu! Anaimba, anacheka katikati, anaanza tena. Nimeusikiza mpaka jirani kagonga ukuta. Agonge.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Sungura sauti nyembamba, Fisi nzito. Jibu la mama nalijua hata usingizini: *Hier ist das Seil, mein Kind.* Kamba hii hapa, mwanangu.

Jumapili, 12 Oktoba

Saa mbili na nusu huku, kwao moja na nusu. Mutheu kitandani, simu imeegemezwa kwenye mto. Musau yuko kazini, amemwachia simu. Nikaanza. *Es war einmal ein Hase.* Alinielewa! Hakumwita mtu amtafsirie. Mvua hakuna, mama yuko juu ya mti — macho yamemtoka. Sungura amefika na mihogo. Nikamwambia, *Jetzt du. Ganz laut!* Sasa wewe, kwa nguvu.

Akaita. Wacha aite! Kama mwanamke wa sokoni, kama mimi. *Mama! Mama! Lass das Seil runter!*

Nikafungua mdomo. Mlango ukafunguka kwanza. Eve, mbio, kanga kifuani, fulana ya Musau begani. *Was ist denn, Schatz? Mama ist da.*

Kuna nini, mpenzi. Mama yuko hapa.

Neno kwa neno nimeelewa. Bila kurudiwa. Mimi niliyefeli kusikiliza!

Mutheu hata hakushtuka. Hakumsahihisha. Alisogea tu ampishe akae, ndipo Eve akaiona simu. Akaniona. "Ai, dada," akasema — kwa Kiswahili, leo anakijua — akaweka mkono mdomoni.

Simu iko hapa mezani, haijakatwa. Nimeigeuza uso chini, naandika ili mikono iwe na kazi. Mutheu anauliza, *und dann?* Halafu? Anauliza tena, *Und dann?* Sasa anakuja Fisi. Nimeiandika, ninayo karatasi, *Jetzt kommt die Hyäne*, na sauti haitoki