Jina Lililokuwa na Mvua Ndani

Kogo, nyanya yangu mpendwa,

Bado unaikumbuka hasira niliyorudi nayo kutoka chuo kikuu? Nilisimama mbele ya wakulima kwenye kituo cha kununulia majani ya chai nikauliza: kwa nini picha za zamani za mashamba ya chai zinamtaja meneja, zinamtaja hata farasi wake, ilhali wanawake waliobeba vikapu wanaitwa tu "wachumaji"? Walinipa ukuta mzima wa kutundika picha zetu. Nami nikaweka sharti: hakuna uso utakaopanda ukutani bila jina lake la kweli. Sikujua kwamba sharti hilo lingekukaba wewe kwanza.

Ulinitolea picha kutoka kwenye Biblia yako. Wanawake wawili, vikapu mgongoni: wewe, na mrefu mmoja mwenye pengo, anacheka. Alitoka upande wa ziwani, ukaniambia, na nyumba zenu katika laini, ile safu ya nyumba za wafanyakazi, ziligawana ukuta. Ulipolazwa kwa homa, ni yeye aliyemnyonyesha baba yangu pamoja na mwanawe. Ulikumbuka kwamba mkono wake wa kushoto ulichuma haraka kuliko wa kulia. Ulikumbuka kila kitu chake, isipokuwa jina.

"Cherop," ulisema, kisha ukatikisa kichwa. "Hapana. Si hilo. Lakini liko na mvua ndani."

Shangazi alinitupia jicho. "Mama, Cherop ni huyu msichana wako amesimama hapa. Umechanganya."

"Sijachanganya. Jina liko hapa," ukagusa koo. "Limekataa tu kutoka."

Nikiri kosa langu, Kogo. Nilikurushia majina kama anayehutubia mkutano: Chelimo, Cherono, Chepkemoi. Yote ya kwetu, kana kwamba ziwani hawana majina. Na kila nilipoongeza moja, jina Cherop lilirudi mbele, kama ndama mkorofi anayewahi langoni akawazuia wenzake.

"Wacha kunishindilia majina," ulisema. "Mimi si gunia la majani."

Ijumaa ikafika, na picha zilikuwa zitundikwe kesho yake. Shangazi aliamini umri umekula akili yako. Mimi, kwa aibu yangu, nilianza kumwamini. Nikashika kalamu niandike Cherop, yaishe. Ukanishika mkono.

"Ukiandika hilo, mtoto wake akipita hapa hatamjua mamake."

Nikaiweka kalamu chini. Tulikunywa chai, tukazungumza habari za ng'ombe. Ndipo nikauliza jambo ambalo halikuwa jina kabisa: jioni, kwenye mizani ya kupimia majani, karani alikuwa anawaitaje?

Ulinyoosha mgongo. Sauti yako ikahamia puani, ikawa ya karani. "Kwa mstari. Mtu na jirani yake. 'Kemunto. Rael. Akoth.'"

Shangazi akaweka kikombe chini.

"Akoth," ulirudia polepole. "Nilikuwa nikisikia Rael, jina langu, nasogea, halafu yeye. Akoth."

Kisha ukacheka mpaka ukafuta macho. "Ni karani tu alikuwa anamwita hivyo. Mwenyewe aliniambia kwao Akoth ni mtoto wa kuzaliwa mvua ikinyesha. Nikamwambia, basi kwetu wewe ni Cherop. Nikamwita hivyo mpaka siku walipohama."

Kumbe hukuwa umepotea, Kogo. Ulikuwa umelitafsiri jina, na tafsiri ikakalia kiti cha mwenyewe.

"Na mimi?" niliuliza. "Mimi si nilizaliwa mvua ikinyesha?"

"Wewe? Ulizaliwa kiangazi, saa sita, ardhi imepasuka. Babako alitaka Chebet, jina la mtoto wa mchana. Nikamwambia, wewe ulinyonya titi la nani? Akakubali uitwe Cherop."

Miaka ishirini na moja nimejigamba kuwa mtoto wa mvua. Leo najigamba zaidi. Nilikuja nyumbani kudai majina ya wanawake waliosahauliwa, kumbe mmoja wao nilikuwa nikimbeba tangu utotoni, nikiitikia kila alipoitwa.

Bado napaza sauti, Kogo, na sitaipunguza. Lakini sasa ninapoketi na wazee mbele ya picha sisukumi jina. Nauliza nani alisimama mbele yao kwenye mstari, nani nyuma, na nani aliyewaita. Sauti ya karani yule imekwisha kuniletea majina ya wengine saba.

Picha yenu ipo katikati ya ukuta. Chini yake nimeandika kwa mpangilio wa mizani: Rael, Akoth. Mwana wa Akoth hajapita bado. Akipita atamkuta mamake kwa jina lake, na akiniuliza mimi ni nani, atashangaa kusikia jina lilelile kwa lugha yetu.

Pumzika, Kogo. Mstari wako haujakatika.

Mjukuu wako, na wajina wa Akoth,
Cherop