Sina Dari, Sina Gari

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Wiki ya tano ya ndoa! Na Mwaniki wangu ameingia fainali ya muziki wa kufoka, yaani rap, Embu mjini. Mshindi wa Jumamosi atarekodiwa studio. Ameshajaribu mara tatu, akaishia raundi ya kwanza. Sasa ubeti unanitaja mimi! "Tuko sote, popote, mimi na wangu Nkirote." Nililia nikikata sukuma, na vitunguu havikuwepo.

Ila jaji mmoja, Madam Beverlyne, amemwonya: akisema tena "mari" badala ya mali, anamkata alama.

Jumanne, 5 Agosti
Kumbe kufoka ni ufundi! Mimi nilidhani kina hukaa mwisho wa mstari tu. Mwaniki anavipanda ndani, kimoja kila pigo: sina mali — sina gari — safari yangu — fahari. Mapigo manne. Silabi ya kabla ya mwisho ndiyo nzito, hiyo ndiyo iangukie pigo. Ukienda mbio mwanzo wa neno humezwa, mkia ndio unaobaki.

Anafoka akinipa mgongo, nisimsome midomo. Mimi nagonga sufuria, kisha naandika nilichosikia. Kina nisichokisikia, anakifuta. Hana huruma!

Taabu ni hiyo l. Nyumbani kwao Manyatta hawana l, kwa hiyo "mari" na "gari" zinaoana kuliko sisi.

Jumatano, 6 Agosti
Amesahihisha, sasa anaisema l. "Mali" imemwangusha mara sita kati ya kumi. Ulimi unasimama kuitafuta l, pigo linampita. Hakula.

Alhamisi, 7 Agosti
Mimi! Ni mimi niliyelipata neno! Tumelala chali baada ya chakula, natazama mabati na misumari yake.
— Mwaniki, dari! Sina dari!
Alinibeba mpaka nje. Amelifoka mara kumi, halijamwangusha hata moja. Kwa lafudhi ya kwao linatoka "ndari", na gari ni "ngari", lakini mkia ni -ari, -ari, -ari. Baada ya fahari anavuta pumzi.
— Sasa watu watajua nyumba yetu haina dari.
— Si waje waone!
Bado anamhofia Madam. Akimkata alama kwa "ndari" je?

Jumamosi, 9 Agosti
Naandika ukumbini. Amemaliza sasa hivi! DJ aliongeza kasi kuliko ya mazoezi — nikafumba macho. Hakujikwaa popote! Mama mmoja kando yangu, hanijui, ameusikia ubeti mara moja tu na tayari anausema: "Sina ndari, sina ngari..." Nyuma wakaupokea. Sasa ukumbi mzima wa Waembu unapiga makofi juu ya -ari, na "ndari" yao ni moja na ya mume wangu. Nani atakatwa alama, sisi sote?

Majaji wengine wawili wanabishana. Madam Beverlyne kichwa chini, kalamu mkononi, haandiki — la, mguu wake unagonga sakafu! Amesimama. Amechukua maiki. Anasema, huyu kijana wa Manyatta hakatwi alama hata moja!