Nilimwandikia Désiré kwa Kifaransa

Bel-Air, Lubumbashi
Jumanne

Yaya Wivine, dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Mafua ya huko Pweto yamekuacha? Watoto wanasoma? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu.

Kuna jambo, na usinicheke. Kwenye simu yangu niliingia pale watu wanapotafuta wachumba kwa picha. Nikampenda mmoja, naye akanipenda, tukaandikiana wiki tatu. Anaitwa Désiré, fundi umeme, anakaa Makomeno. Jumamosi mchana tulikunywa soda mahali penye watu wengi. Yaya, yule mtu anasikiliza! Aliniuliza habari za Mama akangoja nimalize. Nilirudi nyumbani nikitabasamu peke yangu barabarani kama mwehu.

Jioni hiyohiyo akaandika kwamba Jumapili inayokuja angependa kuja na mjomba wake kumsalimu Baba Mdogo. Kwetu unajua maana yake: mtu akishaketi kwenye viti vya familia, kurudi nyuma ni aibu ya watu wote.

Nikaona nimjibu kwa heshima, na mambo mazito sisi tunayaandika kwa Kifaransa. Nikamshukuru, nikamweleza kuwa nilifurahia mazungumzo yetu, nikamwomba tusiharakishe. Nilimwita «vous», ile ya kumwambia mtu usiyemzoea, na chini nikaweka jina langu kamili! Asubuhi akajibu kwamba ameelewa, hatanisumbua tena, ananitakia heri. Maskini, aliisoma kama barua ya kufukuzwa kazi.

Niliketi kitandani nikalia. Kisha nikarekodi sauti, kwa Kiswahili chetu: «Désiré, sikukukatala. Nilifurahi sana na weye, niko nataka tuonane tena. Ila mambo ya famille tungojee kwanza. Tuonane sisi wawili mara mingi, tujuane muzuri. Kama unaona hapana, uniambie tu, sitakasirika. Samedi uko libre, uko na nafasi?»

Saa tisa naye akanitumia sauti. Alicheka, akasema alikuwa amekwisha kumwambia mjomba wake kwamba safari ya kwetu basi. Hana haraka. Jumamosi atakuja.

Sasa nikuambie ukweli, Yaya. Nimekuwa nikikuandikia kwamba nyumba haikosi wageni. Ni uongo. Tangu tumzike Mama, nakula peke yangu, na redio naiwasha ili nisikie mtu akisema. Désiré alipoomba kuja na mjomba, nilikuwa nimeshaandika «Njoo». Nikaifuta, maana niliogopa: siku ile ningemwambia njoo mtu yeyote. Huyu ni mwema, hastahili kuoa upweke wangu. Nataka kwanza nijue kama ninamtaka yeye.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto, na uniombee kwa Bikira Maria. Leo ni Jumanne tu, Yaya, na Jumamosi iko mbali sana.

Mdogo wako akupendaye,
Myriam