Hiyo Support Inalala Wapi?

Jumanne, 14 Oktoba. Manyunyu tangu alfajiri.

Baba Winny,

Omena iko kwenye sufuria, ipashe moto. Mama anywe dawa ya presha akishakula. Hilo “presha” tumeliazima na linatufaa, maana hatuna jingine la haraka.

Lakini asubuhi mama yako alipouliza kama atakaa nasi hapa Migosi au atarudi Usenge peke yake, ulimjibu, “Mama, usijali, tutaku-support.” Ukatoka. Akanigeukia: “Hiyo support inalala wapi?” Nikacheka, kisha nikaona analia.

Mwalimu wetu wa darasa la Kiswahili la jioni husema neno la kuazima huziba pengo. Hapa pengo halikuwepo. “Kutunza” tunalo, ila ukilitamka lazima utandike kitanda. Support hutumwa kwa simu.

~~Usipojirekebisha, nitahamia Usenge naye.~~ Hapana. Nimeomba, hasira imeshuka.

Naenda darasani. Usiku, kabla ya maombi, tutasubiri useme lako kwa Kiswahili. Langu nimeshalisema, mbele ya Winny na jirani Benta: “Mama, nitakutunza hapa hapa.”

Mama Winny