Jibu Lililochelewa Saa Moja

Kambi ya Wafanyakazi,
Chumba namba 14.
Jumamosi, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana ninavyokujua ukiisoma umesimama utaikunja kabla ya kufika katikati. Magoti yanasemaje siku hizi? Ile dawa ya kupaka niliyokutumia inasaidia, au inanukia tu? Mimi ni mzima, mgongo ndio unaonikumbusha umri wangu. Chakula kinapita na usingizi ninao mwingi kuliko nafasi ya kuulala.

Najua kwa nini hupokei simu yangu tangu Jumanne. Nimepiga mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili alipokea binti yangu, akaninong'oneza, "Baba, bibi amesema hayupo." Nikasikia sauti yako nyuma yake ikimwambia aongeze kwamba umesafiri. Basi nimeona niandike. Barua nampa dereva wa lori anayekuja huko kesho, naye ameahidi kuiweka mkononi mwako, si mlangoni.

Shangazi, umepanda basi saa mbili nzima kwenda kunisemea posa kwa yule mwoka mikate, umefika na viatu vyako vya heshima, na ukarudi bila jibu. Kakwambia kwamba kuna kitu aliniuliza, mimi nikasema nitamjibu saa kumi na moja, na yeye atakujibu wewe baada ya hapo. Ukachukua mkoba wako ukaondoka. Una haki ya kukasirika. Lakini umekasirikia watu wawili, na mwenye kosa ni mmoja. Nataka nikueleze ilivyokuwa, bila kujipaka mafuta.

Kwanza uijue kazi yenyewe. Siku ile tulikuwa tunamwaga zege la sakafu ya ghorofa ya tatu. Zege likianza kumwagwa halisimami. Lori moja likimaliza, jingine linarudi nyuma kwenye pampu. Ukiliacha la kwanza likaanza kushika kabla la pili halijafika, panabaki mshono, na mshono huo baadaye unavujisha maji. Kwa hiyo hakuna anayekwenda popote. Kati ya lori na lori tunapata kama dakika tatu. Katika hizo tatu mtu anakunywa maji, anakwenda haja, anafuta jasho machoni, na kama ana mtu wake, anaangalia simu.

Simu yangu naiweka kwenye mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko wa shati. Siitoi kwenye nailoni. Navua glovu moja, nabonyeza juu ya nailoni kwa kidole kidogo, maana ndicho pekee ambacho hakijavimba. Ukiniona unaweza kudhani nakuna upele.

Sasa yule mama wa mikate, tangu siku ya kwanza, aliniambia jambo moja. Alisema mume wake wa zamani alikuwa anasoma ujumbe wake, alama mbili zinageuka buluu, halafu kimya mpaka kesho kutwa. Akisema kitu, jibu ni "baadaye". Akasema, "Mimi naelewa kazi. Na mimi mikono yangu ina unga tangu alfajiri. Lakini usinisome ukanyamaza. Kama huna nafasi, niambie huna nafasi, na uniambie saa ngapi utakuwa nayo."

Nikaona hilo ni neno la mtu mzima. Nikajifunza. Nikiwa kazini siufungui ujumbe wake. Nautazama pale juu ya kioo unapochungulia, mistari miwili mitatu, halafu namtumia neno fupi. Neno hilo, Shangazi, nalo lina ufundi wake. Lazima ajue kwamba umepata. Lazima umtajie kitu kimoja kutoka kwenye alichoandika, asidhani unamjibu kama unavyomjibu mwenye duka. Lazima umchekeshe kidogo, au umsifie, ili asijione kero. Na lazima uweke saa. Si "baadaye", saa. Kisha saa hiyo uifike.

Kwa mfano aliniandikia siku moja kwamba tanuri limemuunguza mkono. Nikamjibu, "Nimeipata, bibie. Lori linarudi nyuma. Mwambie hilo tanuri kwamba mkono huo una mwenyewe. Paka dawa, saa kumi na moja nakuuliza yote." Na saa kumi na moja nikamuuliza yote. Tumekwenda hivyo miezi minane. Mara nyingine yeye ndiye anayekuwa na haraka, ananiandikia, "Bwana Saruji, mikate inaungua na wewe ndiye sababu. Saa nne." Nami nasubiri saa nne kama mtoto anayesubiri kufunguliwa mlango.

Wenzangu wananicheka. Kuna mmoja tunamwita Mwalimu kwa sababu ya miwani yake, yeye alinishauri niandike neno moja zuri nilihifadhi, niwe nalituma hilohilo kila siku. Nilikataa. Nilimwambia mwanamke anayepima unga kwa macho atashindwaje kujua neno lililolala.

Basi Jumanne. Saa saba na nusu mchana ujumbe wake ukachungulia. Nilichokiona ni hiki: "Bwana Saruji, shangazi yako anafika leo saa kumi. Nimeoka mkate wa maziwa na nimevaa lile gauni la..." Hapo kioo kikakata. Lori lilikuwa linarudi nyuma, msimamizi ananiita kwa jina la ukoo, na akifika huko ujue amekasirika. Nikaandika haraka, "Nimeipata, bibie. Mikono hii leo haifai kushika mtu mzuri. Gauni hilo usilivue mpaka unitumie picha. Shangazi mpe kipande kikubwa. Saa kumi na moja nakuja na jibu kamili." Nikarudisha simu nikashika koleo huku nacheka peke yangu.

Saa kumi na moja kamili tulipumzika. Nikakaa juu ya mifuko ya saruji, nikaufungua. Chini ya lile gauni kulikuwa na maneno mengine. Nakuandikia kama yalivyo, maana nimeyasoma mpaka nimeyakariri:

"Kabla hajaingia mlangoni kwangu, nataka wewe mwenyewe uniambie. Unanitaka mimi, au unamtafutia binti yako mama? Jibu lolote nitalipokea, lakini nisilisikie kwa shangazi yako kwanza."

Shangazi, mwanamke ameniuliza swali la maisha yake, nami nimemwambia asivue gauni. Na saa niliyompa imepitiliza ile aliyoihitaji. Neno langu nililitimiza kwa dakika, na halikumfaa kitu. Ule ustaarabu wangu wa kutoufungua ujumbe ndio ulioniponza. Ningeufungua, zile alama zikageuka buluu, ningeandika hata "nakutaka wewe", herufi hizo hazimalizi dakika. Wewe ungemkuta anatabasamu, na mkate ungeula.

Nilianza kumjibu palepale. Nikaandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Yeye kule anaona tu kwamba naandika. Unanijua, niliishia darasa la sita, maneno marefu yananitoa jasho kuliko zege. Mwalimu alinijia akaniuliza nimefiwa na nani.

Mwisho nilimwandikia kweli, na wewe nakuandikia kweli hiyohiyo. Nilimwambia kwamba mwanzo, nilipokuomba unitafutie mtu, nilikuwa namtafutia binti yangu mama. Tangu mama yake alipofariki nilikuwa sina hamu ya mtu. Nilitaka tu mtoto asiwe anakusumbua wewe na magoti yako. Sikuficha hilo. Kisha nikamwambia kwamba mtu anayetafuta mlezi hapotezi dakika zake tatu kutafuta neno la kumchekesha mlezi. Angekunywa maji akapumzika. Mimi nina kiu miezi minane sasa. Lori likichelewa wenzangu wanasonya, mimi nafurahi, maana nimepata sentensi moja zaidi. Sikujua kwamba hilo ndilo jibu mpaka aliponiuliza swali. Nikamwambia, "Nakutaka wewe. Hata kama binti angekuwa amekua na ameolewa, ningekutaka wewe."

Nikatuma. Alama zikageuka buluu. Akakaa kimya, yeye asiyependa kimya. Nikafikiri ndiyo basi.

Asubuhi aliniandikia. Alisema amesoma yote mara mbili. Akasema jibu lake halitapita kwenye simu, atakupa wewe ana kwa ana, kwa sababu wewe ndiye uliyepanda basi. Akasema anajua ulikasirika, na kwamba siku ile hakukudharau. Aliogopa akikujibu "ndiyo" halafu mimi nije niseme ninatafuta mlezi, atakuwa ameshaahidi mbele ya mtu mkubwa na hawezi kurudi nyuma. Ameniomba nikwambie samahani, na kwamba tanuri lake linazimwa Jumapili saa sita, baada ya hapo mikono yake ni mitupu na yuko nyumbani.

Mimi sijui atasema nini. Nimemuuliza tangu siku hiyo mambo ya unga, ya mkono wake, ya mvua. Ananijibu vizuri, lakini pale hagusi. Ni haki yake. Nilimsubirisha mahali pabaya, acha nisubiri.

Kwa hiyo, Shangazi, nakuomba. Jumapili ya wiki ijayo urudi kwake. Usinisemee safari hii. Nimeshajisemea mwenyewe, vibaya au vizuri, imekwisha. Kaa tu, kula, msikilize. Binti yangu mchukue mwende pamoja, amwone kwa macho yake, naye aonekane. Akisema ndiyo, nipigie. Akisema hapana, pia nipigie, na unipe hapana hiyo ilivyo, usiifunge kwenye kitambaa. Kuhusu simu, nimeshaongea na msimamizi. Jumapili hiyo tutakuwa tunamwaga sakafu ya nne, lakini nimemwambia ikilia naifungua, hata lori likiwa limeshainua mgongo. Alinitazama akasema, "Mara moja tu."

Nisalimie mjomba na umwambie redio yake nimempatia, bado betri. Nisalimie jirani fundi cherehani. Binti yangu mwambie asome mwandiko wa baba yake bila kucheka, nitajua kama alicheka. Mungu akupe magoti ya kupanda ngazi za lile basi tena, na akulipe kwa kila ngazi.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, akupendaye hata ukisema hupo.